Mwosha Huoshwa, Isipokuwa Mwenye Fedha

Watetezi wa orodha iitwayo "Who viewed your profile" katika mtandao wa LinkedIn husema kwamba ni haki tupu: umekuja kunitazama, basi nami nijue umekuja. Mwosha huoshwa. Nimeisikia hoja hii mara nyingi, hata kwa wanafunzi wangu walio makini, na ninaipinga, kwa sababu imesimama juu ya sharti ambalo halijatimizwa: kwamba sote tunaoshwa kwa maji yale yale.

Tuutazame utaratibu wenyewe. Mwanachama ana njia tatu za kutembelea wasifu wa mwenzake. Ya kwanza humwonyesha kwa jina na cheo chake. Ya pili huficha jina lakini hutaja sifa, kama vile cheo, mahali pa kazi au chuo. Ya tatu, "Private mode", humwacha akiwa mgeni asiyejulikana. Usipogusa mpangilio wowote, umo katika njia ya kwanza. Ukihamia ya pili au ya tatu nawe hulipi, unanyang'anywa orodha ya waliokutembelea. Hayo ndiyo mapatano: ukitaka kuona, kubali kuonekana. Lakini anayelipia akaunti ya Premium hujifunika gubigubi na orodha yake hubaki mkononi. Kwa hiyo usawa unaohubiriwa unawabana wasiolipa peke yao.

Chukulia afisa ununuzi wa halmashauri ndogo. Ameona zabuni imepewa kampuni asiyoielewa, na anataka kujua kama mkurugenzi wa kampuni hiyo aliwahi kufanya kazi na bosi wake. Anafungua wasifu wa mkurugenzi huyo, jambo lisilo na kosa lolote, kwa kuwa habari hizo zimewekwa hadharani na mwenyewe. Kwa kuwa ni mwangalifu, amechagua njia ya pili. Mkurugenzi anasoma kwamba ametembelewa na afisa ununuzi wa halmashauri fulani. Halmashauri hiyo ina afisa ununuzi mmoja! Jina limefichwa, mtu ameanikwa. Simu moja kwa bosi inatosha.

Sasa mkurugenzi, ambaye ni mteja wa Premium, anaamua kumchunguza afisa huyo. Anaingia kwa njia ya tatu, anasoma alikosomea, alikofanyia kazi na watu anaofahamiana nao. Afisa, ambaye kwa njia ya pili amekwisha nyang'anywa orodha, hatajua ni nani aliyepita. Hata akikopa fedha alipie Premium, hataoneshwa jina, kwa kuwa malipo hayamfunui aliyejificha kabisa. Aliyekuwa na sababu ya kuogopa ameonekana. Aliyekuwa na uwezo wa kudhuru hakuonekana.

Naijua hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito: mwanamke anayeandamwa na mtu anastahili kujua nani anachungulia maisha yake. Anastahili kweli. Lakini orodha hii haimpi ulinzi huo. Mwandamaji hubonyeza "Private mode" au hufungua akaunti ya uongo, na anayenaswa ni jirani aliyepita kwa udadisi. Hatari kubwa zaidi ni kwamba orodha isiyo na jina la mwandamaji humfanya mwanamke huyo aamini kuwa yuko salama. Kinachomlinda ni uwezo wa kuzuia watu na kupunguza anachoanika.

Wala tusidanganyike na neno "private". Linakuficha kwa mwanachama mwenzako, si kwa kampuni. Ingekuwa haijui nani amekwenda wapi, isingekuwa na orodha ya kuuza.

Utaratibu mwingine unawezekana. TikTok, ambayo siisifu kwa mengi, haimwonyeshi mgeni kwa mwenyeji mpaka wote wawili wawe wamewasha historia ya kutazama wasifu, na kumbukumbu inayoonyeshwa ni ya siku 30. Kimya cha mtumiaji hakihesabiwi kuwa ridhaa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinataka ulinzi wa data uwe ndio hali ya kuanzia, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 pamoja na Tume ya kuisimamia. Swali ninalotaka mamlaka hizo ziulize ni dogo: kwa nini kusoma habari iliyowekwa hadharani kugeuzwe tangazo la jina la msomaji, ilhali hakuombwa kwanza?

Mpaka jibu litakapopatikana, wewe mtumishi au mwanaharakati ingia katika "Settings", kisha "Visibility", kisha "Profile viewing options", uchague njia ya tatu kabla ya kufungua wasifu wa mtu yeyote. Orodha utaipoteza. Iache iende: majina ya waliokutazama hayana thamani ya kazi yako.