Barua ya mzazi kwa mwalimu mkuu iseme tarehe, si hasira peke yake

Mtoto anapoonewa darasani, kuna mwalimu. Anapoonewa uwanjani, kuna mwalimu wa zamu. Lakini anapoonewa ndani ya basi la shule, mara nyingi hakuna mtu mzima anayeona. Dereva anatazama barabara. Mhudumu wa basi yuko mlangoni, anashusha watoto na kuwavusha barabara. Kule nyuma hubaki watoto wenyewe kwa wenyewe, na aliye mdogo hana pa kukimbilia hadi kituo chake kifike.

Ndiyo maana wazazi wengi hugundua jambo hili kwa kuchelewa, na wakigundua huandika barua wakiwa na hasira. Hasira hiyo ni ya haki, ila haimsaidii mwalimu mkuu kujua la kufanya.

Chukua mfano wa mama mmoja anayeishi Bunju, Dar es Salaam, ambaye mwanawe wa miaka tisa anasoma darasa la tatu katika shule binafsi huko Mikocheni. Basi ni koasta. Huondoka shuleni saa 9:30 alasiri, hupita Mbezi Beach, Tegeta na Boko, na kumfikisha mtoto Bunju karibu saa 11 jioni. Mtoto akaanza kukataa kula asubuhi. Akawa anaumwa tumbo kila Jumatatu. Siku alipotoka shuleni na madaftari yaliyoloa, mama alimbana mpaka akasema kuna wavulana wakubwa wanaomsumbua kwenye basi.

Usiku uleule mama akaandika barua yake ya kwanza. Ilikuwa na mistari minne: mwanangu anaonewa kila siku kwenye basi lenu, shule yenu haina nidhamu, nataka hao wavulana wafukuzwe, la sivyo nitajua la kufanya.

Mwalimu mkuu hakuipuuza. Alimwita dereva, dereva akasema hajaona kitu, na ni kweli hakuona. Asubuhi iliyofuata akasimama mstarini na kuuliza mbele ya shule nzima ni nani anayeonea wenzake kwenye basi la Bunju. Kimya. Akamjibu mama kwamba suala linafuatiliwa. Jioni ile ndani ya basi mtoto akapewa jina jipya, mchongezi, na mateso yakaongezeka.

Kosa halikuwa la mama peke yake wala la mwalimu mkuu peke yake. Barua ilisema "kila siku" bila kutaja siku hata moja. Ilisema "kwenye basi" bila kusema sehemu gani ya safari. Mwalimu mkuu hakupewa mahali pa kuanzia, akaanza na njia iliyo rahisi kuliko zote, yaani kuuliza hadharani. Hakuna mtoto wa darasa la tatu atakayenyoosha mkono mbele ya watu mia nne.

Barua ya pili mama aliiandika baada ya wiki mbili, na katika wiki hizo alifanya kazi moja tu. Kila jioni, baada ya mtoto kuoga na kula, alimuuliza maswali mepesi: leo ulikaa kiti gani, nani alikaa karibu nawe, mhudumu alikuwa wapi. Hakumuuliza "leo wamekupiga?", kwa sababu mtoto akiulizwa hivyo huweza kujibu ndiyo ili kumridhisha mzazi, au hapana ili maswali yaishe. Mtoto akishalala, mama aliandika majibu kwenye daftari kwa maneno ya mtoto mwenyewe.

Barua iliyotokana na daftari hilo ilianza kama barua yoyote rasmi:

"Yah: Mwanangu kuonewa mara kwa mara katika basi la shule, njia ya Bunju. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jumatatu tarehe 5 Mei jioni, baada ya basi kupita Tegeta, mwanangu anasema wavulana watatu wa madarasa ya juu walimnyang'anya shilingi 1,000 na kumtoa kwenye kiti, akasimama hadi Boko. Alhamisi tarehe 8, sehemu ileile ya safari, walimmwagia maji kwenye begi. Jumatano tarehe 14 walimwambia kwamba akisema atapigwa. Jumatatu tarehe 19 amerudi na kola iliyochanika na mchubuko shingoni. Matukio yenyewe sikuyaona. Nilichokiona kwa macho yangu ni madaftari yaliyoloa, kola na mchubuko, na picha zake nimeziambatisha. Majina niliyotajiwa nimeyaandika kwenye karatasi tofauti, kwa ajili yako tu."

Hapo pana mambo mawili ambayo barua ya kwanza haikuwa nayo. La kwanza ni kwamba tarehe nne zinaonyesha mfululizo. Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyelitafiti tatizo hili kwa miaka mingi katika shule za Sweden na Norwei, alitofautisha uonevu na ugomvi wa kawaida kwa alama zinazoeleweka kirahisi: ni kitendo cha kukusudia, kinarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa na anayemtendea. Watoto wawili wa darasa la tatu wakigombania dirisha, huo ni ugomvi. Wavulana watatu wa madarasa ya juu wakimwandama mtoto mmoja wa darasa la tatu mara nne katika majuma matatu, huo si utoto wala si mzaha. Wapo wazee wanaosema mtoto aachwe akomae. Lakini mtoto hakomai kwa kupambana na watatu waliomzidi umri na kimo. Anachojifunza ni kwamba watu wazima hawaoni.

La pili ni kwamba barua inatenganisha alichosema mtoto na alichoona mzazi. Wapo wazazi wanaodhani kukiri kwamba hawakuona kunadhoofisha malalamiko yao. Kwa hakika kunayapa nguvu, maana mwalimu mkuu anao wazazi wa pande mbili. Kesho wazazi wa wale wavulana watakuja ofisini kuuliza ushahidi uko wapi. Barua inayosema kweli kuhusu mipaka yake humwezesha kuwatendea haki na wao pia.

Mwalimu mkuu aliposoma barua hiyo, jicho lake lilisimama kwenye neno moja lililojirudia: Tegeta. Akamwita mhudumu wa basi na kumuuliza swali dogo, kwamba jioni anashukia wapi. Mhudumu akajibu kwamba anashukia Tegeta, kwa sababu ndiko anakoishi, na kufikia hapo watoto hubaki saba tu. Kutoka Tegeta hadi Bunju koasta ilikuwa haina mtu mzima isipokuwa dereva. Shule ilikuwa haijui. Hata mama alikuwa hajui. Daftari ndilo lililolifichua jambo hilo.

Kwa sababu hiyo maombi ya mwisho wa barua yana uzito kuliko malalamiko ya mwanzo. Mama huyu hakuomba tena wavulana wafukuzwe. Aliomba mhudumu asafiri hadi kituo cha mwisho na akae kiti cha nyuma, si mlangoni, isipokuwa anaposhusha watoto. Aliomba watoto wa madarasa ya chini wakae mbele kwa orodha ya viti inayojulikana. Aliomba wavulana hao waitwe mmoja mmoja, wakiwa na wazazi wao, wala wasikutanishwe ana kwa ana na mwanawe ili "wapatane", kwa kuwa mtoto aliyetishwa hatasema lolote mbele ya waliomtisha. Akaomba ajibiwe kwa maandishi kabla ya Ijumaa tarehe 23. Kila ombi hapo mwalimu mkuu anaweza kulitimiza ndani ya siku chache, na mzazi anaweza kukagua kama limetimizwa.

Kuna jibu moja ambalo baadhi ya shule hulitoa, na mzazi hapaswi kulikubali: kwamba shule inawajibika ndani ya geti tu, tena basi lenyewe ni la kukodi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zote zimeuridhia, unazungumzia jambo hili katika ibara ya 16. Unaitaka nchi imlinde mtoto dhidi ya kuumizwa mwili au akili akiwa mikononi mwa mzazi, mlezi, mamlaka ya shule au mtu mwingine yeyote mwenye uangalizi wake. Mtoto aliye ndani ya basi lililopangwa na shule, kwa nauli inayolipwa shuleni, yuko katika uangalizi wa shule, awe Bunju, Kigali au Kampala. Mwenye basi anaweza kuwa mwingine, lakini mzazi alimkabidhi mtoto kwa shule.

Jibu jingine la kukataa ni lile la kumshauri mzazi amtoe mtoto kwenye basi. Linaonekana la busara, na huenda siku mbili tatu likahitajika kwa usalama. Likiwa ndilo suluhisho la kudumu, aliyeonewa ndiye anayeadhibiwa, na kiti chake kitapata mtoto mwingine mdogo.

Mzazi naye ana mipaka yake. Hapaswi kupanda basi na kuwakaripia watoto wa watu, wala kuwapigia simu wazazi wao, wala kuyapeleka majina kwenye kundi la Watsapu la wazazi wa darasa. Jina la mtoto likishasambaa huko halifutiki, hata ikibainika kwamba mmoja wa wale watatu alikuwa amekaa tu karibu.

Tena si kila jambo ni la kusubiri barua. Mtoto akijeruhiwa vibaya, akitishwa kwa kisu, au akishikwa sehemu za siri, mzazi asingoje Ijumaa. Nchini Tanzania aende kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya PF3 na kumpeleka mtoto hospitali. Namba 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda. Na shule isipojibu katika muda ulioombwa, nakala ya barua hiyohiyo iende kwa Afisa Elimu Kata. Hapo ndipo zile tarehe zitakapofanya kazi tena, kwa sababu afisa ataona shule iliambiwa nini na lini.

Mwalimu mkuu hawezi kukaa ndani ya kila basi. Anaweza kujua kinachotokea kati ya Tegeta na Boko pale tu mtu anapomwandikia kwa usahihi, na akishajua hana tena sababu ya kusema hakuambiwa. Mzazi ambaye mwanawe ameanza kuumwa tumbo kila Jumatatu na anunue daftari leo, na swali la kwanza jioni liwe: leo ulikaa kiti gani?