AFYA YA JAMAA: Dawa ya magoti iliyojeruhi tumbo

Juma hili tutazame habari ya bibi mmoja mwenye miaka 68. Magoti yalimwuma sana. Kila siku alimeza kidonge cha ibuprofeni cha miligramu 400 asubuhi, adhuhuri na jioni. Mjukuu wake alipoona maumivu hayaishi, akamnunulia sokoni diklofenaki pia. Hawakujua ya kuwa dawa hizo ni za ukoo mmoja, na ya kuwa kuzimeza pamoja ni kuzidisha madhara.

Baada ya majuma matatu choo chake kikawa cheusi, chenye kunata kama lami, na kila alipoinuka alishikwa na kizunguzungu. Tumbo halikumwuma hata kidogo, maana dawa ilikuwa imeyafunika maumivu. Choo kile cheusi kilikuwa damu iliyotoka katika kidonda cha tumbo.

Sababu yake ni nini? Mwaka 1971 mtaalamu Mwingereza John Vane alionyesha ya kuwa aspirini huuzuia mwili kutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya vivyo hivyo. Prostaglandini huzidisha uchungu na uvimbe. Kwa hiyo zikipungua, mgonjwa hupata nafuu. Lakini hizo hizo hulitia tumbo ute wa kulikinga na asidi inayosaga chakula. Ute ukipungua, asidi hulila tumbo lenyewe. Wengine husema: «Basi achomwe sindano, tumbo lisiguswe.» Wamekosea, kwa kuwa dawa hufika tumboni kwa njia ya damu pia.

Na figo je? Mwili unapopungukiwa na maji, prostaglandini huipanua mishipa ipelekayo damu kwenye figo, zipate kuendelea na kazi yao. Bibi yetu alikuwa ameharisha siku mbili, tena alikuwa akimeza dawa ya presha yenye kukojoza. Figo zake zikakosa damu, mkojo ukawa haba, miguu ikavimba. Hospitalini waliziachisha dawa zote mbili za maumivu, wakamtia maji na damu, wakampa omeprazoli ya kupunguza asidi. Mkojo ukarudi kidogo kidogo, naye akapona.

Kijana mwenye afya akimeza ibuprofeni siku mbili tatu kwa kipimo cha haki, kwa kawaida hapati dhara. Lakini mzee, mwenye kidonda cha tumbo, mgonjwa wa figo au wa moyo, mama mwenye mimba, na mtu anayeharisha au kutapika, wasiimeze bila shauri la mganga. Mara nyingi parasetamoli, kwa kipimo chake, huwafaa zaidi.

Tena, mtu anayetumia dawa hizi akiona choo cheusi kama lami, au mkojo wake ukipungua ghafula, aziache na kupelekwa hospitalini siku ile ile, hata kama hasikii maumivu yoyote.