Losheni usoni, masikio yanaungua

Sisi vijana wa kujitolea hapa Bujumbura tuna ombi moja kwa wanaogawa losheni ya jua kwa wenzetu wenye ualbino: ongezeni kijiti kwanza, spre ije baadaye.

Dada mmoja wa kikundi chetu hupaka losheni kila asubuhi, uso na mikono. Lakini ncha za masikio zimeota magamba, na kati ya misuko ngozi ya kichwa ni nyekundu. Kepu aliyopewa haifuniki masikio. Na migongo ya mikono je? Akifua nguo tu, sabuni inaondoa yote.

Kijiti kinafanana na kile cha midomo, ila kinene. Unakipitisha mara nne kwenye sikio, mbele na nyuma, halafu unasambaza kwa kidole. Hakimwagiki, kinakaa mfukoni, kwa hiyo akimaliza kufua anapaka tena palepale, na kila baada ya saa mbili akiwa juani.

Spre inafaa kwenye njia za nywele, maana losheni nzito inaganda kwenye misuko. Ila upepo wa ziwani unaipeperusha. Ishike karibu, lowesha njia, kisha pitisha kidole. Usiivute puani, wala usipulize karibu na mbabula, nyingi zinashika moto. Pesa ikiwa ndogo, kofia pana au kitambaa kinatosha kwa kichwa.

Ila kidonda cha sikio kikikaa mwezi bila kupona, hicho ni cha daktari, si cha losheni.