Mwali hapunguzwi tumbo kwa mirungi

Leo nina ugomvi, na nitausema wazi. Ugomvi wangu ni na hao mashoga, makungwi na mawifi wanaomnong'oneza mwali kwamba akitafuna mirungi wiki tatu kabla ya harusi atapungua tumbo na gauni litamkaa kama amechorwa. Mimi nashona magauni ya maharusi. Futi kamba yangu haidanganyi, nami nimechoka kufumua mishono ya watu kwa sababu ya ushauri huu.

Mimi ni mtoto wa Unguja, nimeolewa huku bara, Biharamulo, na wateja wangu wengi wanatoka Biharamulo na Ngara. Kwa msioijua njia hii, malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi, yakaja Lusahunga na Nyakahura, yakaingia Ngara kwa Benaco. Hapo mengine huendelea Rusumo kwa Wanyarwanda na mengine hukata kwenda Kabanga kwa Warundi. Dereva anayeendesha usiku kucha anataka macho yake yabaki wazi, na penye dereva wa namna hiyo muuza mirungi hakosekani. Kwa hiyo msidhani kwamba jambo hili ni la vijana wa Mombasa tu au la mabarazani kwetu Unguja. Linapita mlangoni kwangu, na siku hizi linaingia mpaka chumba cha mwali.

Nianze na kesi yenyewe, jina lake nalihifadhi. Binti alikuja kupimwa wiki nne kabla ya harusi. Kifua inchi 36, kiuno 31, nyonga 40. Mwili mzuri kabisa, wa kula maharage na ndizi za Ngara. Baada ya wiki tatu akaja kujaribu gauni, saa kumi na moja jioni. Mikono ya gauni inapwaya. Kifua kimeshuka mpaka 34 na nusu. Mabega yametokeza mifupa. Lakini zipu ikakwama tumboni! Nikapima mara mbili nikidhani nimekosea: kiuno 32. Binti amekonda juu, tumbo limeongezeka inchi nzima.

Nikafunga mlango, nikamuuliza, "Mwanangu, unakula nini?" Akaanza kulia. Kumbe kila usiku baada ya Isha anatafuna na binamu yake hadi saa saba, kwa soda na karanga. Asubuhi hana hamu ya kitu. Mchana anakunywa chai ya rangi. Na choo? Siku ya sita hajapata cha maana. Chembe ya moyo inamuunguza, hasa tumbo likiwa tupu, na kila akiamka na kichwa kinachogonga anameza diklofenaki.

Sasa sikilizeni kinachotokea, maana hapo ndipo hao washauri wanapodanganya. Jani bichi la mirungi lina kitu kinaitwa kathinoni, ambacho mwilini hufanya kazi kama ndugu wa dawa za kuchangamsha. Jani likikauka nguvu yake hupotea ndani ya siku mbili hivi, ndiyo maana mnaona wanalifunga kwenye majani ya mgomba na kulikimbiza sokoni. Kathinoni inauambia mwili uko vitani: moyo uende mbio, usingizi ukae kando, chakula kisubiri. Njaa haisikiki. Hapo washauri wanasema kweli, na mimi sitawapinga kwa uongo. Njaa inaondoka kweli.

Lakini haiondoki kwa sababu mwili umeshiba. Chakula kidogo ulichokula kinakaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu tumbo linachelewa kukishusha. Ndiyo ile hali ya kujisikia umejaa na huku hujala. Utumbo nao unapunguza mwendo. Juu ya hayo jani lina tanini, ile ile inayokukaza ulimi ukila ndizi mbichi au ukinywa chai iliyochemka sana. Tanini inakausha na kukaza huko ndani vilevile. Ongeza kwamba hujala mboga, hujanywa maji, umekunywa soda tu. Choo kinakuwa kigumu kama kokoto, hewa inajikusanya nyuma yake, na tumbo linavimba. Inchi ile moja ya binti yangu haikuwa mafuta, ilikuwa choo na hewa. Na anayejikamua siku hadi siku anajitafutia bawasiri. Mkiwauliza kwa upole wake wa watafunaji wa miaka mingi watawaambia habari za bawasiri za waume zao.

Halafu anakuja kungwi wa pili na sanamaki. "Choo kimefunga? Chemsha sanamaki." Mwali anakunywa, tumbo linamkata usiku kucha, anaharisha, anapoteza maji, kesho anatafuna tena na choo kinafunga tena. Tunamfunga kwa mkono mmoja, tunamfungua kwa mwingine, halafu tunashangaa uso umepauka siku ya kupambwa.

Kuhusu chembe ya moyo. Tanini inachubua ukuta wa tumbo, nao ukuta huo hauna chakula cha kuukinga. Watafunaji wengi wana sigara mkononi na soda ya kola pembeni, na vyote viwili vinazidisha ukali. Diklofenaki kwenye tumbo tupu ni kumwagia kidonda pilipili, maana dawa hizo zenyewe huweza kutoboa tumbo la mtu asiyewahi hata kuliona jani la mirungi. Tena wengi huku vidonda vyao vya tumbo vinatokana na mdudu wa tumboni anayepimwa na kutibiwa hospitali kwa dawa maalumu. Mirungi ikikuta mdudu huyo yupo, unaupa moto upepo. Msiseme "nina asidi tu" mwaka mzima mkinywa maziwa. Maziwa yanapoza kwa muda, kisha kiungulia kinarudi.

Najua jibu lenu. "Mirungi ni majani tu, si pombe." Ugoro pia ni majani. Hapa Tanzania mirungi imo kwenye Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na mashamba ya Same, Kilimanjaro, yamefyekwa na Mamlaka mara kadhaa. Kenya inalimwa Meru kwa uhalali na inauzwa hadharani, hilo najua, na ndugu zetu wa Mombasa watanicheka. Wacheke. Tumbo la Mombasa na tumbo la Ngara limeumbwa sawa.

Nina neno pia kwa upande wa pili, wale ambao wakisikia mirungi wanatoa hukumu na kufunga mazungumzo. Dada yangu, ukimfokea binti atatafuna kwa kujificha, na aliyejificha hasemi kama ametapika damu. Mwambie kinachotokea tumboni kwake, atakuelewa zaidi.

Sasa kuhusu mipaka, maana mmeniuliza sana kwenye simu. Kwa bi harusi, mjamzito na anayenyonyesha, mpaka wangu ni sifuri. Kilichomo kwenye jani hupita kwenye maziwa, na watoto wa watafunaji huonekana kuzaliwa na uzito mdogo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa moyo, sifuri vilevile. Hakuna kiasi ambacho daktari amekipima akasema hiki hakidhuru.

Lakini wengine wenu mna waume barabarani, na mume wa miaka kumi haachi kwa sababu ya makala moja. Huyo mpiganie apunguze huku mkielekea kuacha. Kwanza ale kabla, chakula hasa: ugali na maharage au wali na mboga za majani, wala asihesabu karanga kuwa chakula. Anywe maji ya kawaida wakati wote anaotafuna, soda aiache. Watafunaji wengi humaliza gramu 100 hadi 200 kwa kikao. Mshushe nusu, kisha nusu ya nusu. Mkao usizidi saa mbili, uishe kabla ya Magharibi, ili usiku ale na alale. Apate siku nyingi za wiki bila kabisa. Akishindwa kukaa siku tatu bila kutafuna, hapo jueni mazoea yameshakuwa utumwa na anahitaji msaada wa wataalamu. Maumivu ya kichwa atumie parasetamoli kwa kipimo chake, diklofenaki na aspirini akae nazo mbali. Na dereva asijidanganye: stimu ikishuka usingizi unakuja kwa deni lote, na unaweza kumkuta kwenye mteremko wa Rusumo.

Mwezi wa Ramadhani ndio mbaya kuliko yote. Wanafuturu kidogo, wanatafuna hadi usiku wa manane, daku hawaitaki kwa sababu njaa haipo, kisha wanashinda mchana kutwa bila maji. Ikifika kumi la pili choo kimefunga na kiungulia kinawafanya wengine wafungue. Mke anayepika daku na kuirudisha jikoni ananielewa.

Dalili za kutosubiri hata kesho: choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu au kama machicha ya kahawa, maumivu makali yanayofanya tumbo liwe gumu kama ubao, au choo kufunga pamoja na kutapika na tumbo kuvimba. Hapo acheni sanamaki, acheni mwarobaini, nendeni hospitali.

Binti yangu alikuwa na siku saba zimebaki. Alikwenda zahanati, akapewa omeprazoli na maelekezo ya kupima yule mdudu. Nikampigia simu mama yake mbele yake, kwa ruhusa yake. Siku mbili za kwanza bila mirungi alilala kama mgonjwa na alikuwa mkali kwa kila mtu. Siku ya tatu njaa ikarudi. Alikula uji wa ulezi asubuhi, papai, maharage mchana kidogo kidogo, mchicha, na maji glasi nane hadi kumi. Siku ya nne choo kikaja bila dawa. Nilipompima siku mbili kabla ya harusi, kifua kilikuwa 35 na kiuno kimerudi 31, kilekile alichokuja nacho mwanzo. Wiki tatu za kutafuna, pesa yote ile, na kiuno hakijapungua hata nusu inchi.

Zipu nilikuwa nimeshaing'oa. Nikamwekea matundu na kamba za kufunga mgongoni, ili likaze au lilegee kadiri atakavyokula. Bei ya kamba nilimdai yule binamu.