Hatia hairithiwi, deni hurithiwa

Kila suala la fidia ya utumwa na ukoloni linapozuka, jibu huwa lile lile: waliotenda wamekufa, waliotendwa wamekufa, mjukuu ana kosa gani? Hoja hii ina mvuto, lakini inachanganya maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga vyema: hatia na deni. Hatia humfuata mtendaji hadi kaburini, ikaishia huko. Deni halizikwi. Marehemu akiacha deni, warithi hulilipa kutokana na mali yake kabla ya kugawana kilichobaki, wala hakuna awaitaye wakosefu.

Serikali ya Uingereza yalijua jambo hili. Bunge lake lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mwaka 1833, lilitenga fidia ya pauni milioni 20. Waliolipwa si watumwa, bali mabwana wao. Watumwa wengi walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana hao hao, sehemu kubwa bila ujira, hadi mwaka 1838. Ili kuzipata fedha hizo, serikali ilikopa. Mabaki ya mkopo huo, yakiwa yameunganishwa na madeni mengine ya taifa, yalimalizika kulipwa mwaka 2015. Hivyo basi, kitukuu cha mtumwa wa Jamaika anayefanya kazi London alichangia kwa kodi yake kumfidia aliyemmiliki babu yake. Deni hilo halikukanwa ati kwa kuwa waliolikopa wamekufa.

Linganisha na kesi ya wazee wetu walioteswa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 2011 mawakili wa serikali hiyo hiyo walidai mahakamani London kwamba dhima yote ilihamia kwa serikali ya Kenya uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Jaji aliamua kesi iendelee. Mnamo Juni 2013, Waziri William Hague alitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwamo. Alisema serikali yake inajuta, lakini akakana dhima ya kisheria. Madai ya Wakenya wengine zaidi ya 40,000 yalitupwa mwaka 2018, hasa kwa kuwa muda ulikuwa umepita mno.

Ni kweli kwamba mzee aliyeteswa anajulikana kwa jina na kovu, ilhali vizazi vya watumwa wametawanyika, na si rahisi kuamua nani alipwe na kiasi gani. Lakini hilo ni swali la hesabu; halithibitishi kuwa deni halipo. Mdaiwa naye si Mwingereza mmoja mmoja, bali ni dola, ambayo haifi wala haizeeki.

Wanafunzi wa lugha na walipime neno la Waziri. Kujuta ni hali ya moyo wa msemaji. Anayedai hapati chochote kwayo. Kukiri ndiko kunakomtambua mdai. Dola iliyoweza kulipa deni la mwaka 1833 hadi mwaka 2015 haiwezi kutuambia kwamba wakati hufuta madeni.