Kabati la sinki la bafuni hupimwa kwa kina kabla ya upana

Mlango wa bafu ukifungukia ndani kuelekea kabati la sinki, kinachoamua ni kina cha kabati, si upana wake. Bafu lenye sentimita 120 kutoka mlangoni hadi ukuta wa sinki, na mlango wa upana wa 70, hubakiza 50. Kabati la kina cha 55 litagongwa. La 45 litaacha nafasi ya 5, ilimradi vishikio visichomoze sana. Ndipo yafuatie mabomba. Bomba la maji machafu lililopinda chini ya sinki hukaa palepale penye droo ya juu, hivyo droo isiyokatwa katikati haitaingia hadi mwisho. Kabati la milango, lisilo na ubao wa nyuma, huepusha tatizo hilo na kuacha koki zifikike.