Maoni Yetu: Takwimu isiyo na jedwali itoke

Ofisa ana kikao saa tatu asubuhi. Usiku anaiagiza programu ya akili mnemba imwandalie slaidi kumi na mbili kuhusu huduma ya maji wilayani, na kabla chai haijapoa zimekamilika, zina rangi na chati, na chini ya kila takwimu pameandikwa chanzo. Kesho yake madiwani wanazisoma ukutani na kugawa bajeti kwa kuzifuata. Programu hizi zinaokoa muda na hatumkatazi mtu kuzitumia. Tunachokataa ni slaidi kutoka kwenye programu na kwenda moja kwa moja kwenye projekta.

Jambo la kwanza la kukagua ni takwimu. Programu hizi huunda sentensi kwa kukisia neno gani linaelekea kufuata jingine. Mahali ambapo watu wamezoea kuandika asilimia, nazo zitaandika asilimia, hata kama hakuna aliyewahi kuhesabu. Kwa hiyo "Asilimia 68 ya kaya hazina maji safi (NBS, 2022)" yaweza kuwa kweli au ya kubuni, na kwa kuitazama tu hutajua. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa ripoti nyingi. Herufi tatu na mwaka havimwonyeshi msomaji pa kwenda. Chanzo kamili kina jina la ripoti, namba ya jedwali na ukurasa. Wala usiridhike kwa kuiuliza programu ilikoitoa takwimu hiyo, maana yaweza kukutajia ripoti yenye jina zuri isiyokuwapo. Fungua ripoti yenyewe, utafute jedwali. Usipoliona, ifute takwimu. Usiigeuze kuwa "zaidi ya nusu ya kaya", kwa sababu hayo nayo ni madai ya hesabu ile ile, yamevuliwa namba tu.

Hata takwimu ya kweli huharibika njiani. Tuseme slaidi inasema: "Tangu 2012 idadi ya Watanzania imeongezeka kwa asilimia 3.2." Hiyo 3.2 ni ya kweli, imo katika matokeo ya Sensa ya 2022, ila ni kasi ya ongezeko kwa mwaka mmoja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Toa moja kwa nyingine, ugawe kwa ile ya kwanza: ongezeko la miaka kumi ni kama asilimia 37. Diwani atakayepanga visima kwa kuamini 3.2 atawaacha watu wengi na ndoo tupu. Kikokotoo cha simu kingetosha kulinasa kosa hili.

Wakubwa nao wameteleza. Mwaka 2025 kampuni ya Deloitte nchini Australia ilikubali kuirejeshea serikali sehemu ya malipo ya ripoti iliyokuwa na marejeo ya kazi zisizokuwapo na nukuu ya kubuni kutoka kwenye hukumu ya mahakama.

Baada ya takwimu, angalia maneno ya kujazia. Kipimo chetu ni rahisi: badilisha jina la wilaya. "Ushirikishwaji wa wadau ni nguzo muhimu ya maendeleo endelevu" inafaa Kilwa, Kondoa na Karagwe, tena inafaa mradi wa maji sawasawa na wa barabara. Ifute. Pengine slaidi nne zitabaki kati ya kumi na mbili, na kikao kitapata nafasi ya kujadili.

Mwisho ni mtindo, ambao wengi huuona urembo. Slaidi ya tatu inasema "kaya", ya tano "familia", ya nane "wananchi", kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini asilimia ya kaya si asilimia ya watu, kwa kuwa kaya moja ina watu wawili na nyingine tisa. Neno likibadilika, rudi kwenye jedwali uone kilichohesabiwa ni nini, kisha tumia neno hilo hilo mpaka mwisho. Fanya hivyo pia kwa "asilimia" na "%", na kwa "milioni 1.5" na "1,500,000": chagua moja. Fonti zilizochanganyika ndizo kazi nyepesi kuliko zote. Katika PowerPoint, `Replace Fonts` hubadilisha fonti moja kwa nyingine katika slaidi zote; rudia kwa kila fonti isiyotakiwa.

Waandaaji, kila slaidi yenye takwimu iandikieni jina la ripoti, jedwali na ukurasa kwenye sehemu ya maelezo chini yake. Nanyi waheshimiwa madiwani, mkionyeshwa asilimia ukutani, ulizeni iko ukurasa wa ngapi kabla hamjapitisha hata shilingi.